Ampea 49 za Karatasini: Namna ya Kusoma Datashiti ya Transista

Kijana aliniletea transista tatu zilizofungwa ndani ya kipande cha gazeti. Zote zilikuwa za aina moja, IRFZ44N, zenye mgongo wa bati na miguu mitatu, na zote zilikuwa zimekufa. Moja ilikuwa imepasuka tumboni. Mbili zilionekana nzima kwa macho, lakini nilipoweka vijiti vya maltimita kwenye mguu wa kati na mguu wa kulia, mlio haukukatika. Ndani zilikuwa zimeshikana.

"Shikamoo mzee. Pampu yangu inakula ampea 8 tu," aliniambia. "Na hii transista imeandikwa ampea 49. Nimeipa hata robo ya uwezo wake haifiki. Sasa inaungua kwa nini?"

Alikuwa ametengeneza kifaa cha kumwagilia bustani ya mboga. Betri ya volti 12 inayochajiwa na sola inaendesha pampu, na bodi ya Arduino inapima unyevu wa udongo. Udongo ukikauka, bodi inatoa volti 5 kwenye mguu wa kwanza wa transista, transista inafungulia mkondo, na pampu inawaka. Nyumbani alijaribu kwa balbu ya indiketa ya gari, inayokula chini ya ampea 2, na kila kitu kikaenda vizuri. Akakifunga kifaa ndani ya boksi la plastiki, akalipigilia kwenye nguzo shambani. Siku mbili za mwanzo mvua ilinyesha na pampu haikuwa na kazi. Siku ya tatu jua lilitoka, pampu ikawaka, na kabla ya adhuhuri transista ilikuwa imeungua. Aliweka ya pili, kisha ya tatu, na zote zikafuata njia hiyo hiyo.

Jibu la swali lake lilikuwa kwenye simu yake mwenyewe. Alikuwa na datashiti ya transista hiyo, yaani ile karatasi ya mtengenezaji inayoeleza tabia za kifaa. Ila aliisoma kama mtu anavyosoma bei kwenye mfuko wa sukari: akaona namba moja kubwa, akaichukua, akafunga. Makosa hayo si yake peke yake. Nimeyaona kwa wanafunzi wa vyuo na kwa mafundi wa miaka mingi, na chanzo chake ni kile kile: kudhani kwamba namba zote za datashiti zinasema kitu cha namna moja.

Karatasi moja, kauli tatu

Datashiti huzungumza kwa kauli tatu tofauti, na kila namba iliyomo ni ya mojawapo ya hizo.

Kauli ya kwanza ni onyo: ukivuka hapa, kifaa kinaweza kufa. Hii hukaa chini ya kichwa "Absolute Maximum Ratings", yaani mipaka ya juu kabisa. Kauli ya pili ni ahadi: ukinitumia kwa masharti haya, nitafanya kazi hivi, na mtengenezaji anasimama nyuma ya neno hilo. Kauli ya tatu ni taarifa tu: vifaa vyetu vingi huwa hivi. Hiyo ndiyo safu yenye kichwa "Typ.", pamoja na karibu michoro yote ya kurasa za nyuma.

Onyo, ahadi na taarifa ni vitu vitatu mbalimbali. Kijana yule alichukua onyo akaligeuza ahadi, kisha akachukua taarifa akaigeuza ahadi pia. Kila moja ya hatua hizo mbili ilitosha kuua transista, naye alizifanya zote.

Onyo halina maana ya kazi

Tuanze na jedwali la mipaka ya juu kabisa la IRFZ44N kama lilivyochapishwa na kampuni ya International Rectifier, ambayo mwaka 2015 ilinunuliwa na Infineon. Mstari wa juu unasema mkondo wa mfululizo ni ampea 49. Chini yake kuna nguvu, wati 94. Kuna volteji ya mguu wa G, yaani geti, ambayo isizidi volti 20 upande wowote. Kuna halijoto ya kiini cha silikoni, kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri hadi nyuzi 175 za Selsiasi.

Halafu kuna mstari mmoja ambao watu huupita haraka: joto la kulehemu, nyuzi 300 kwa sekunde 10. Huo ndio mstari ninaowaonyesha wanafunzi kwanza. Hakuna mtu atakayeusoma akasema, basi transista hii naweza kuitumia kwenye nyuzi 300. Kila mtu anaelewa kwamba hapo wanazungumzia kitu ambacho kifaa kitavumilia mara moja, kikishikwa na koleo, kikilehemiwa. Lakini mstari huo umo katika jedwali moja na ampea 49, chini ya kichwa kimoja. Jedwali zima linahusu uvumilivu. Kazi imeelezwa mahali pengine.

Namna hii ya kuweka mipaka ina historia. Zama za redio za valvu, baadhi ya watengenezaji walitoa mipaka iliyokwisha kuacha nafasi ya umeme kupanda na kushuka. Mtu angeweza kuitumia namba kama ilivyo. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60134, cha mwaka 1961, kilitenganisha mifumo hiyo waziwazi. Katika mfumo wa mpaka wa juu kabisa, unaotumiwa na transista za leo, mzigo wote wa kuacha nafasi ni wa anayetengeneza chombo. Betri ikipanda inapochajiwa, jua likiwa kali, mota ikirusha shoti ya volteji inapozimwa, mtengenezaji wa transista hahusiki. Ni wewe uliyetakiwa kuhakikisha kwamba hata siku mbaya kuliko zote, mpaka hauguswi.

Jambo la pili kuhusu jedwali hili ni kwamba kila mpaka umesimama peke yake. Transista hii inazuia volti 55 kati ya mguu wa D, yaani dreni, na mguu wa S, yaani sosi. Ukizidisha volti 55 kwa ampea 49 unapata karibu wati 2,700. Lakini jedwali hilo hilo limesema wati 94. Kwa hiyo huwezi kuwa na volti 55 na ampea 49 kwa pamoja. Ukifikia mpaka mmoja, ile mingine imeshakukataza muda mrefu. Inafaa kuisoma kama kuta za chumba. Kila ukuta ukiugonga unaumia, na kufika ukuta wa kaskazini hakukupi ruhusa ya kuugonga wa mashariki.

Na baadhi ya kuta hizi hazisamehe hata mara moja. Volti 20 za geti ni mfano. Chini ya geti kuna utando mwembamba mno wa kioo cha silikoni unaoitenga na sehemu nyingine, na volteji ikizidi utando huo unaweza kutoboka papo hapo, bila moshi na bila joto. Mtu mwenye mfumo wa volti 24 anayeunganisha geti moja kwa moja na betri ameshavuka ukuta huo siku ya kwanza. Transista inaweza kufanya kazi wiki nzima, kisha ikabaki imewaka na isizimike tena.

Ampea 49 zilitoka wapi?

Tuurudie ule mstari wa juu. Kwenye datashiti haukusema ampea 49 tu. Pembeni yake kuna maandishi madogo: TC = 25°C. Herufi C hapo inamaanisha bati la mgongo wa transista. Ampea 49 zinapatikana iwapo bati hilo litabaki kwenye nyuzi 25 muda wote, huku ndani kiini kikifikia nyuzi 175. Maana yake mgongo wa transista uwe umegandamizwa kwenye kitu kinachochota joto lote linalotoka, kama bomba la maji baridi yanayokimbia. Hakuna shamba lenye hali hiyo, na hakuna boksi la plastiki lenye hali hiyo.

Mstari unaofuata unaonyesha kinachotokea bati likipata joto: kwa nyuzi 100, ampea 49 zimekuwa 35. Na wati 94 nazo zina mstari wake, unaosema kwamba kwa kila nyuzi moja juu ya 25 upunguze wati 0.63. Yaani hata mpaka wenyewe husogea.

Kwa mtu asiyeweka hitisinki, yaani bati la nyongeza la kupozea, namba ya kutafuta iko katika jedwali dogo linalofuata, la ukinzani wa joto. Linasema kutoka kiini hadi hewa ya nje ni nyuzi 62 kwa kila wati. Kila wati moja inayopotea ndani ya transista inapandisha kiini kwa nyuzi 62 juu ya hewa inayoizunguka. Namba hii ndiyo inayoamua maisha ya transista iliyosimama peke yake kwenye bodi, na ndiyo inayopitwa zaidi.

Tufanye hesabu ya boksi la kijana wetu. Ndani ya boksi lililofungwa kwenye nguzo juani, nyuzi 45 si jambo la ajabu. Mpaka wa kiini ni nyuzi 175, lakini kwa kuwa ule ni ukuta, tuamue tusivuke 125. Tuna nafasi ya nyuzi 80. Gawanya kwa 62, unapata wati 1.3. Hicho ndicho kiasi cha joto transista inachoruhusiwa kutoa, si wati 94.

Sasa wati 1.3 ni ampea ngapi? Transista ikiwa imefunguka kabisa, ukinzani kati ya D na S hauzidi miliomu 17.5, kwa mujibu wa datashiti. Lakini hiyo ni kwa kiini cha nyuzi 25. Mchoro wa nyuma unaonyesha ukinzani ukipanda kadiri joto linavyopanda, na kwenye nyuzi 125 huwa takriban mara 1.7. Kwa hiyo tuhesabu miliomu 30.

```
P = I × I × R
1.3 = I × I × 0.030
I = 6.6 A
```

Ampea sita na nusu. Hizo ndizo ampea za IRFZ44N bila hitisinki, ndani ya boksi lile, hata kama mengine yote yangekuwa sawa. Pampu yake ya ampea 8 ingetoa karibu wati 1.9, na kiini kingefika nyuzi zaidi ya 160. Transista ingekuwa inaishi pembeni kabisa mwa ukuta. Na kwa bahati mbaya, mengine yote hayakuwa sawa.

Ahadi ina masharti

Kauli ya pili ndiyo yenye kuleta tabu zaidi, kwa sababu watu huitafuta mahali ambapo haipo.

Ukifungua datashiti ya saketi unganifu, kwa mfano chipu ya ATmega328P iliyomo ndani ya bodi nyingi za Arduino, utakuta mambo mawili yametengwa. Mpaka wa juu kabisa wa volteji ya kuilisha ni volti 6.0. Volteji ya kufanyia kazi ni kuanzia 1.8 hadi 5.5. Kati ya 5.5 na 6.0 kuna ukanda ambao chipu pengine haitakufa, lakini hakuna anayekuahidi kwamba itahesabu sawasawa. Watengenezaji wengi wa chipu huyaweka masharti ya kazi katika jedwali lake, na msomaji hawezi kukosea.

Transista moja moja kama IRFZ44N kwa kawaida haina jedwali hilo. Anayezoea chipu hulitafuta, halioni, kisha anarudi kwenye jedwali pekee lenye mipaka, lile la onyo, na kulifanya kuwa masharti ya kazi. Hapo ndipo ajali inapoanzia.

Masharti yapo, ila yamejificha katika safu ya mwisho ya jedwali la "Electrical Characteristics", safu yenye kichwa "Conditions". Kila mstari una namba upande mmoja na sharti lake upande mwingine, na ahadi ni vyote viwili kwa pamoja. Ule mstari wa ukinzani usemao miliomu 17.5 una sharti: VGS = 10V, ID = 25A. Mtengenezaji anaahidi kwamba ukiweka volti 10 kati ya geti na sosi, ukinzani hautazidi miliomu 17.5. Kuhusu volti 5 hakuahidi lolote. Hakuna mstari wa volti 5 katika jedwali hilo.

Ukimya huo ndio habari yenyewe. Mtengenezaji anapopima transista kwa volti 10 na kuishia hapo, anakuambia kwamba transista hii imekusudiwa kuendeshwa kwa volti 10. Sharti la kipimo ndilo pendekezo lake la kazi.

Linganisha na ndugu yake, IRLZ44N. Tofauti ya jina ni herufi moja, L badala ya F, na dukani hukaa katika droo zinazopakana. Datashiti yake ina mistari mitatu ya ukinzani: miliomu 22 kwa volti 10, miliomu 25 kwa volti 5, na miliomu 35 kwa volti 4. Kwa volti 10 inaonekana mbovu kidogo kuliko IRFZ44N, na anayetazama namba moja tu ataiacha. Lakini kwa volti 5 hii ina ahadi iliyoandikwa, na ile haina. Nayo ina ukuta wake wa kuangalia: geti lake linavumilia volti 16 tu, si 20.

"Typ." ni mtoto wa wastani

"Lakini mzee," kijana alinikatiza, "mbona ilifunguka? Nilipima, volti 5 zikaingia na balbu ikawaka. Na hapa imeandikwa inaanza kufunguka kwa volti 2."

Alikuwa anaonyesha mstari unaoitwa VGS(th), volteji ya kizingiti. Datashiti inasema kiwango cha chini volti 2.0, cha juu volti 4.0. Aliiona 2, akaona ana 5, akahesabu kuwa ana ziada ya 3. Ila mstari huo nao una sharti: ID = 250µA. Kizingiti ni volteji ambayo transista inapitisha robo ya miliampea, mkondo usioweza kuwasha hata taa ndogo ya kiashiria ikang'aa vizuri. Hapo mlango haujafunguka. Umetoka tu kwenye komeo. Kutoka komeo hadi mlango kufunguka wote kuna safari, na safari hiyo inahitaji volti kadhaa zaidi.

Kitu cha kutazama zaidi ni huo mtawanyiko, 2.0 hadi 4.0. Transista mbili zilizotoka kiwandani zikiwa na jina moja zinaweza kupishana kwa volti mbili nzima, na zote ni halali. Yenye kizingiti cha 2 ikipewa volti 5 ina ziada ya 3 na itafunguka vizuri. Yenye kizingiti cha 4 ina ziada ya volti 1 tu. Itafunguka nusu, na nusu hiyo ndiyo inayopika.

Michoro ya kurasa za nyuma haionyeshi jambo hilo. Kuna mchoro wenye mistari ya volteji mbalimbali za geti, na mstari wa volti 5 unaonyesha ampea nyingi zikipita. Wengi wameutegemea mchoro huo. Lakini chini yake pameandikwa "Typical Output Characteristics". Umechorwa kwa transista ya katikati, yenye kizingiti cha katikati. Kwa transista iliyo ukingoni, mistari yote husogea karibu volti moja: volti 5 zako zinafanya kazi ambayo mchoro unaonyesha kwa volti 4. Ukiutazama mchoro kwa namna hiyo, mstari uliokuwa unautegemea unakuwa haupo.

Fikiria fundi cherehani aliyepewa kazi ya kushona sare mia za darasa la tano. Akiambiwa urefu wa mtoto wa kawaida wa darasa hilo, hawezi kuzikata zote mia kwa kipimo hicho. Hata kama kipimo ni cha kweli, kuna watoto watakaobanwa. Thamani ya "Typ." ni hiyo. Ni kweli, imepimwa, na inakusaidia kujua unaelekea wapi. Haina ahadi kwa transista uliyoishika mkononi. Ahadi iko katika safu za "Min." na "Max.", na unachagua ile iliyo mbaya kwako. Ukihesabu joto, chukua ukinzani wa juu. Ukihesabu kama geti litafunguka, chukua kizingiti cha juu. Ukitaka kujua kama litazimika kabisa, chukua kizingiti cha chini.

Kwa hiyo jaribio la mezani halikumdanganya kijana. Lilimwambia ukweli kuhusu transista moja, kwa mkondo mdogo, katika chumba chenye hewa, kwa dakika chache. Hakuuliza kuhusu shamba.

Kupima badala ya kukisia

Tulichukua transista mpya ya aina ile ile, tukaiunganisha na pampu yake mezani, pampu ikiwa ndani ya ndoo ya maji. Tukawasha kwa volti 5 za Arduino, na mara moja nikaweka maltimita kati ya D na S. Hiki ni kipimo ambacho kila fundi anaweza kukifanya, na kinasema zaidi ya kugusa kwa kidole.

Kama transista ingekuwa imefunguka kabisa, ampea 8 zikipita katika miliomu 17.5, maltimita ingeonyesha volti 0.14. Ilionyesha 0.6, na ilikuwa inapanda. Tukazima.

Volti 0.6 mara ampea 8 ni wati 4.8. Mara nyuzi 62, kiini kingepanda karibu nyuzi 300 juu ya hewa ya chumba. Hakingefika huko, kingekufa njiani, kama zile tatu za mwanzo. Tukarudia kwa ile balbu ya indiketa, transista hiyo hiyo, geti hilo hilo. Upotevu ulikuwa robo ya wati hivi, na bati likapata uvuguvugu tu. Kijana alinyamaza akitazama namba mbili tulizoandika juu ya kipande cha boksi.

Marekebisho hayakuwa makubwa. Tuliweka IRLZ44N, kwa kuwa ina ahadi ya volti 5: miliomu 25, na kwa joto tukahesabu 42. Ampea 8 zinatoa wati 2.7. Bila hitisinki wati hizo zingepandisha kiini nyuzi 167, kwa hiyo kubadilisha transista peke yake kusingetosha. Tukaifunga kwenye hitisinki ndogo ya alumini yenye nyuzi 10 kwa wati, tukapaka dawa ya kupitisha joto. Ukijumlisha njia yote kutoka kiini hadi hewani ni nyuzi 12 hivi kwa wati. Wati 2.7 mara 12 ni nyuzi 32. Juu ya hewa ya nyuzi 45 kiini kinafika 77. Kuna nafasi kubwa kabla ya 125, sembuse 175. Hitisinki tuliitoa nje ya boksi, kwa sababu ile ya ndani ingepasha hewa ile ile inayotegemea.

Mwisho tukaweka dayodi sambamba na pampu, mstari wake ukielekea upande wa chanya. Mota ikizimwa ghafla hurusha volteji inayoweza kuruka juu sana ya volti 12 za betri, na ukuta wa IRLZ44N nao ni volti 55. Dayodi inaupa mkondo wa mota njia ya kuzunguka hadi uishe. Huo ndio uachaji wa nafasi ambao mfumo wa mpaka wa juu kabisa umemwachia mtengenezaji wa chombo.

Kabla hujanunua

Ukifungua datashiti ya transista yoyote, usianzie kwenye namba kubwa ya ukurasa wa kwanza. Nenda kwenye jedwali la tabia za umeme, tafuta mstari unaolingana na volteji utakayoweka kwenye geti, na usome safu ya masharti kabla ya kusoma namba. Kama mstari wa volteji yako haupo, transista hiyo si yako, tafuta nyingine. Kisha chukua thamani ya "Max." uhesabu wati, uzidishe kwa ukinzani wa joto wa njia yako halisi, uongeze halijoto ya boksi lako. Baada ya hapo ndipo urudi kwenye jedwali la mipaka, uhakikishe uko mbali na kila ukuta, siku ya jua kali na betri ikiwa imejaa. Michoro itazame mwisho, ili uelewe tabia ya kifaa, na usichukue humo namba ya kumwahidi mteja.

Hesabu yote hiyo ni dakika kumi na kipande cha karatasi. Transista tatu zilizoungua zilimgharimu kijana yule nauli tatu za kwenda mjini na bustani iliyokauka. Ampea 49 zilikuwa za kweli. Hazikuwa zake.